Mstari Mmoja, Haki Mbili

Mstari ulionyooka una mambo mawili tu ya kuamuliwa: uanzie wapi, na uelekee wapi. Ukishayajua hayo, mstari wote umeujua. Anayetaka kuukata uwanja katika nusu mbili zilizo sawa anauwekea mstari huo sharti moja, kwamba eneo la upande huu lilingane na eneo la upande ule. Sharti moja hula uamuzi mmoja. Uamuzi wa pili unabaki huru, na huo si wa hesabu. Ni wa wenye ardhi.

Hapo ndipo uzuri wote wa ufundi huu ulipo. Watu wengi hudhani kwamba mpima ardhi akija na mashine yake, hesabu ndiyo itakayowaambia mpaka upite wapi. Wengine hudhani kinyume, kwamba wazee wakikubaliana mpaka upite wapi, hesabu haina la kusema. Wote wamekosea kwa nusu. Watu huchagua jambo moja, hesabu huwapa la pili, na hapo usawa hupatikana bila mtu kunyimwa neno lake. Nitalionyesha hilo kwa kiwanja kimoja chenye pembe tano, tukikokotoa hatua kwa hatua, kwa sababu ufundi huu hausifiwi vizuri kwa maneno matupu.

Chukua kiwanja upande wa Mkuranga, mkoani Pwani, ambacho ndugu wawili wamekubaliana kukigawa sawa kwa sawa. Upande wa kusini unapakana na barabara. Upande mwingine wowote haulingani na mwenzake, na hakuna pembe mraba hata moja. Bikoni zake ni A, B, C, D na E, ukizifuata kinyume cha mwendo wa saa kuanzia kusini-magharibi. Ramani ya upimaji inaipa kila bikoni namba mbili: umbali wa kuelekea mashariki na umbali wa kuelekea kaskazini. Bikoni A iko 512,340.00 mashariki na 9,214,180.00 kaskazini. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuzipunguza namba hizi. Ukizizidisha zilivyo, unapata namba yenye tarakimu 13 kabla hata ya nukta ya desimali, na kikokotoo cha mkononi kinachoonyesha tarakimu 10 hukata zile za mwisho. Bahati mbaya, eneo la kiwanja chetu linategemea hizo za mwisho. Basi toa koordineti za A kutoka kwa kila bikoni. Umbo halibadiliki, eneo halibadiliki, na namba zinakuwa za kushikika:

```
A   0    0
B  60    6
C  74   52
D  38   80
E  -8   46
```

Namba ya kwanza ni mita za mashariki, ya pili mita za kaskazini. Alama ya kutoa kwenye E inasema tu kwamba bikoni hiyo iko magharibi ya A.

Sasa eneo. Njia yake ilielezwa na Mjerumani Albrecht Meister mwaka 1769, na wengi huihusisha na Gauss aliyekuja baada yake. Unatembea kutoka bikoni hadi bikoni kwa mpangilio, na kwa kila hatua unazidisha mashariki ya unakotoka kwa kaskazini ya unakokwenda, kisha unatoa mashariki ya unakokwenda iliyozidishwa kwa kaskazini ya unakotoka. Kutoka B kwenda C ni 60 mara 52, toa 74 mara 6, yaani 2,676. Kutoka C kwenda D ni 3,944. Kutoka D kwenda E ni 2,388, kwa sababu ile alama ya kutoa ya E inageuza kutoa kuwa kujumlisha. Hatua zinazogusa A zinatoa sifuri, ndiyo faida ya kuifanya A chimbuko. Jumla ni 9,008. Nusu yake ndiyo eneo: mita za mraba 4,504, zaidi kidogo ya eka moja. Kila ndugu anastahili 2,252.

Kabla ya kukata, ndugu wametoa neno lao. Wanataka kila mmoja apate sehemu sawa ya barabara, maana mbele ya barabara ndipo penye biashara. Hilo ndilo jambo lao moja. Basi mstari uanzie katikati ya upande wa AB, kwenye nukta tutakayoiita M. Koordineti zake ni 30 na 3, na kila ndugu ana mita 30.15 za barabara. Mwanzo umeshachaguliwa. Mwisho hauchaguliwi tena, unatafutwa.

Simama kwenye M utazame kaskazini. Jicho linavutwa moja kwa moja na bikoni D, ile ya juu kabisa, ambayo iko karibu mbele yako. Ni kawaida ya jicho kupenda pembe, na mipaka mingi ya kienyeji imekatwa hivyo, kamba ikivutwa kutoka katikati ya barabara hadi kwenye pembe inayoonekana. Fundi naye huanza hapo hapo, lakini kwake ni jaribio tu. Anapima eneo la upande wa mashariki, lenye pembe M, B, C na D, kwa njia ile ile ya kutembea, na anapata mita za mraba 2,167. Zimepungua 85 kufikia 2,252. Kwa maana nyingine, ndugu wa mashariki angebaki na 2,167 na wa magharibi angeondoka na 2,337. Mita za mraba 85 ni kama nyumba ya mita 7 kwa 12. Imechukuliwa kwa mtu, na hakuna jicho lililoona.

Jaribio hilo halikupotea bure. Limetuambia mambo mawili: kwamba mwisho wa mstari lazima uvuke D kuelekea magharibi, na kwamba unatakiwa ufagie eneo la mita za mraba 85 hasa. Mstari ukizunguka kwenye M na ncha yake ikiteleza juu ya upande wa DE, unachofagia ni pembetatu. Pembetatu nzima ya M, D na E ina mita za mraba 1,635. Sisi tunataka 85 tu. Na hapa ndipo hesabu inapokuwa rahisi kuliko mtu alivyotarajia: kimo cha M juu ya mstari wa DE hakibadiliki, kwa hiyo eneo la pembetatu linakua sawasawa na urefu wa kitako chake. Kama tunataka 85 katika 1,635, tunatembea 85 katika 1,635 ya njia kutoka D kwenda E. Sehemu hiyo ni 0.05199. Upande wa DE una urefu wa mita 57.20, hivyo tunatembea mita 2.97 kutoka D na kusimamisha bikoni mpya. Iite P. Koordineti zake ni 35.609 na 78.232. Zijumlishie tena namba kubwa za A, na una nukta ya kupeleka uwanjani.

Hakuna kubahatisha hata mara moja katika hayo yote. Hakuna kusogeza kamba, kuangalia, na kusogeza tena. Gawanyo moja limetoa jibu, na jibu lina uthibitisho wake ndani. Pima upya eneo la kila nusu ukitumia P iliyokadiriwa hadi milimita: mashariki 2,251.98, magharibi 2,252.00. Tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko ukurasa wa daftari, na imetokana na kukadiria milimita tu. Fundi asiyepima nusu zote mbili, kila moja kwa pembe zake, hajamaliza kazi. Kuipata ya pili kwa kutoa ya kwanza kutoka kwenye jumla si uthibitisho, kwa sababu kosa la kwanza huhamia ya pili likiwa limevaa nguo safi.

Sasa rudi kwenye ule uamuzi ulioachwa huru. Tuseme kwenye D pana mwembe ambao wazee wanautambua kama mpaka wa zamani, na ndugu wanasema mstari lazima ufike hapo. Ni haki yao. Basi D inakuwa ndiyo iliyochaguliwa, na sasa mwanzo ndio unaotafutwa. Zile zile mita za mraba 85 lazima zifagiwe, safari hii kwenye upande wa barabara. D iko mita 75.82 kutoka kwenye mstari wa AB. Mara mbili ya 85 gawanya kwa 75.82 ni mita 2.24. Nukta ya barabarani inasogea mita 2.24 kutoka M kuelekea A. Ndugu wa mashariki anapata mita 32.39 za barabara na wa magharibi 27.91, na maeneo yao yanalingana kabisa.

Au tuseme ndugu hawajali mwanzo wala mwisho, ila wanataka mwelekeo: mpaka uende sambamba na ule mstari wa kutoka M hadi D, kwa kuwa nyumba zilizopo zimejengwa kufuata mwelekeo huo. Hapa hesabu inakuwa nzito kidogo, kwa sababu mstari unaposogea bila kugeuka, urefu wake nao unabadilika, na eneo halikui tena kwa kipimo kimoja. Mlinganyo wake ni wa kipeo cha pili, wenye majibu mawili, na moja huangukia mbali nje ya kiwanja. Mafundi wengi wana njia fupi. Mstari una urefu wa mita 77.41, gawanya 85 kwa urefu huo upate mita 1.098, sogeza mstari kiasi hicho magharibi, kisha pima tena. Utakuta bado imepungua karibu nusu ya mita ya mraba, kwa sababu mstari umefupika njiani. Gawanya hicho kilichobaki kwa urefu mpya, nawe utasogeza tena chini ya sentimita moja. Basi.

Mistari mitatu, na yote ina haki ile ile. Mmoja unalinganisha barabara, mmoja unaheshimu mwembe, mmoja unafuata nyumba. Kwa hiyo mtu akisema, "Mpima ndiye aliyeamua mpaka upite hapa," ajue kwamba mpima aliamua nusu tu ya jambo. Na mtu akisema, "Mpaka huu haukuwa na njia nyingine," naye ajue kwamba njia zilikuwepo nyingi, ila familia haikuulizwa inataka ipi.

Swali hili ni la kale kuliko ramani zetu. Yuklidi aliandika kitabu kizima kuhusu kugawanya maumbo. Kigiriki chake kilipotea, na tunachokijua leo kimetufikia hasa kupitia Kiarabu, kwa kazi ya al-Sijzi wa karne ya 10, ambayo Franz Woepcke aliichapisha mwaka 1851. Miongoni mwa maswali yake ya mwanzo ni hili: kuigawa pembetatu katika sehemu mbili sawa kwa mstari unaopita kwenye nukta iliyotolewa juu ya mmoja wa pande zake. Hiyo ndiyo M yetu. Tangu wakati huo swali lilikuwa linakiri kwamba nukta hutolewa na mtu, na mstari hutolewa na jiometri. Koordineti zilichoongeza ni kwamba kazi iliyotaka rula na bikari sasa inafanyika kwa kuzidisha na kutoa, juu ya kiwanja chenye pembe zozote.

Lakini ufundi wenye nguvu hivi una mambo yake ya kuuangusha, na fundi mzuri anayajua kabla hajaanza. La kwanza ni mpangilio wa bikoni. Ukiziandika A, B, D, C, E badala ya kuzifuata zilivyo, njia yako inajikata katikati na hesabu inakupa mita za mraba 2,224. Namba hiyo haina aibu usoni. Si hasi, si kubwa kupita kiasi, na mtu mwenye haraka ataigawa kwa mbili na kupanda bikoni kwa furaha. Dawa yake ni mbili: chora umbo kwenye karatasi kabla ya kukokotoa, na linganisha eneo ulilopata na lile lililoandikwa kwenye ramani ya zamani.

La pili ni umbo lenye pembe iliyoingia ndani. Katika kiwanja chetu pembe zote zimetoka nje, hivyo mstari wowote unaingia mara moja na kutoka mara moja. Kiwanja kilichobonyea kinaweza kuufanya mstari utoke nje ya mpaka, upite kwa jirani, kisha urudi. Hesabu haitalalamika. Itakupa nusu mbili sawa, moja ikiwa na vipande viwili vilivyotengana. Hesabu pande ambazo mstari unazikata; zikizidi mbili, chagua nukta nyingine.

La tatu ni uwanjani. P inatakiwa iwe juu ya mstari ulionyooka kutoka D hadi E, si juu ya ua wa minyaa uliopandwa kati yake, ambao karibu kila mara umepinda. Ukishasimamisha bikoni, vuta tepu kutoka D hadi P, kisha kutoka P hadi E: mita 2.97 na mita 54.25, jumla 57.22, sentimita 2 zaidi ya ramani kwa sababu itakayoelezwa katika jambo la nne. Jumla ikizidi hapo, P imetoka kwenye mstari. Na usiitafute P kwa simu ya mkononi. Simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na P iko chini ya mita 3 kutoka D. Simu haiwezi kuzitofautisha nukta hizo mbili, na tumeshaona tofauti yao ni nyumba nzima. Kipimo cha kukumbuka ni hiki: ncha ya mstari ikikosea, eneo linalohama ni nusu ya urefu wa mstari mara kosa lenyewe. Mstari wetu wa kutoka M hadi P una mita 75.44. Sentimita 10 za kosa kwenye ncha yake, kando ya mstari, zinahamisha karibu mita za mraba 4.

La nne huwashangaza wengi. Mtu akivuta tepu sawasawa kutoka M hadi P, anapata takriban mita 75.47 na si 75.44. Hajakosea. Koordineti za ramani zetu ziko kwenye gridi ya UTM, ambayo kwenye mstari wake wa katikati hupunguza kila urefu kwa kizidishio cha 0.9996, na Mkuranga iko karibu sana na mstari huo, yaani longitudo ya 39 mashariki. Eneo halisi la kiwanja chetu ardhini ni kama mita za mraba 4,508. Upunguzo huo hata hivyo unawagusa ndugu wote wawili kwa kiasi kimoja, hivyo nusu inabaki nusu. Kinachotakiwa ni kutochanganya: usikokotoe eneo la jumla kwa gridi kisha ukate kwa urefu wa tepu.

Hesabu hii haipimi thamani. Mita ya mraba yenye mikorosho inayozaa na mita ya mraba ya bondeni panapotuama maji ni sawa mbele yake. Kama ndugu wanataka usawa wa thamani, wakubaliane kwanza kipande kipi kina uzito gani, au mmoja amlipe mwenzake tofauti. Wala haijui nani anastahili kiasi gani. Katika mirathi ya Kiislamu, ambapo mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, unachobadilisha ni lengo tu: kama warithi ni kaka mmoja na dada mmoja, badala ya 2,252 unatafuta theluthi, na hatua zote zinabaki zile zile. Wala mstari huu, hata ukiwa sahihi hadi milimita, si mpaka wa kisheria peke yake. Tanzania ina Sheria ya Upimaji wa Ardhi, Sura ya 324, na mgawanyo wa kiwanja kilichopimwa hukamilika kwa ramani mpya iliyoidhinishwa, si kwa daftari la fundi.

Kwa hiyo, wewe ambaye familia yako inakaribia kugawana kiwanja, fanya mambo mawili. Kabla mpima hajafika, kaeni mkubaliane jambo lenu moja: barabara, kisima, makaburi, mwembe, au mwelekeo. Msimwachie mpima alichague, wala msichague mawili, maana la pili ni la usawa. Na akishamaliza, mwombeni koordineti za bikoni zote, za zamani na mpya, mziandike kwenye karatasi moja na kuiweka pamoja na hati. Mwanafunzi wa sekondari mwenye kikokotoo anaweza kuzipima nusu zote mbili kwa muda mfupi. Mpaka ambao mtoto wa nyumba anaweza kuuhakiki kwa mkono wake hauhitaji kuaminiwa kwa neno la mtu.